Ufifiaji wa Mawimbi ya Redio katika Maji ya Bahari: Upungufu wa Kipeo na Dhana ya Kina cha Mpenyo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi wimbi la redio linavyofifia linapopita katika maada inayolipotezea nishati, na yanatumia maji ya bahari kuwa mfano mkuu. Hoja inayotetewa ni kwamba kina cha mpenyo ni kipimio na si mpaka. Kinaeleza umbali ambao wimbi hupunguziwa sehemu maalumu ya ukubwa wake. Hakielezi mahali wimbi linapokoma. Ili kujua wimbi linafika wapi ni lazima kina cha mpenyo kiambatanishwe na uwiano kati ya ukubwa wa wimbi linapoingia na ukubwa mdogo kabisa unaoweza kutambuliwa na kipokezi. Makala yanaonesha chanzo cha upungufu huo, yanakokotoa mfano wa frikwensi ya kilohezi 20, yanalinganisha bahari na maji baridi, na yanabainisha makosa yanayojitokeza katika upimaji.

1.0 Utangulizi

Nyambizi iliyo chini ya maji haiwezi kusikiliza redio kama inavyosikilizwa nchi kavu. Mawimbi ya kituo cha redio ya FM, yenye frikwensi ya takriban megahezi 100, hupungua hadi kufikia kama theluthi moja ya ukubwa wake baada ya kupenya sentimita mbili na nusu tu za maji ya bahari. Kwa sababu hiyo, mawasiliano na nyambizi hufanywa kwa frikwensi za chini sana. Kituo cha Harold E. Holt, kilichoko karibu na Exmouth, magharibi mwa Australia, hurusha mawimbi yake kwa kilohezi 19.8 kuelekea Bahari ya Hindi na sehemu ya magharibi ya Pasifiki. Uteuzi wa frikwensi hiyo hautokani na desturi, bali na hesabu ya ufifiaji.

Hesabu hiyo ni fupi, lakini hufahamika vibaya mara kwa mara. Mkanganyiko wa kwanza ni kudhani kwamba kina cha mpenyo ni sakafu ambayo wimbi haliwezi kuivuka. Mkanganyiko wa pili unatokana na kuwapo kwa fasili mbili za istilahi hiyohiyo, ambazo matokeo yake yanatofautiana mara mbili. Mkanganyiko wa tatu hujitokeza katika upimaji, pale ambapo kelele za kipokezi huifanya maada ionekane angavu kuliko ilivyo. Sehemu zinazofuata zinaishughulikia mikanganyiko hiyo kwa utaratibu huo.

2.0 Chanzo cha Ufifiaji

Wimbi la redio ni uga wa umeme na uga wa sumaku vinavyobadilika pamoja na kusafiri pamoja. Likipita katika ombwe halina mahali pa kuacha nishati yake, hivyo hupungua kwa sababu ya kutawanyika tu. Hali ni tofauti katika maji ya bahari. Chumvi iliyoyeyuka humo imegawanyika kuwa ayoni, hasa za sodiamu na za kloridi, ambazo zina chaji na ziko huru kusogea. Uga wa umeme wa wimbi huzisukuma ayoni hizo huku na huko. Kusogea kwake ni mkondo wa umeme, na kwa kuwa ayoni hugongana na molekuli za maji, sehemu ya nishati ya mkondo huo hugeuka joto. Nishati hiyo imetoka katika wimbi na hairudi tena.

Maada ya namna hii inaitwa katika makala haya maada yenye upotevu. Sifa yake kuu ni upitishaji umeme, unaowakilishwa na herufi σ na kupimwa kwa simensi kwa mita. Upitishaji wa maji ya bahari ni takriban 4 S/m, ingawa hubadilika kulingana na joto na kiasi cha chumvi. Maji baridi ya ziwa kama Viktoria yana upitishaji wa takriban 0.01 S/m, yaani mara 400 chini ya ule wa bahari.

Hata hivyo, upitishaji peke yake hautoshi kueleza tabia ya maji. Mkondo wa ayoni hushindana na athari nyingine, yaani kujipanga kwa molekuli za maji kufuatana na mabadiliko ya uga wa umeme. Uwiano kati ya athari hizo mbili ni σ/(ωε), ambapo ω ni 2π mara frikwensi, na ε ni kipimo cha mwitikio wa molekuli, ambacho kwa maji ni takriban mara 80 ya kile cha ombwe. Uwiano huo ukiwa mkubwa sana kuliko 1, maji hutenda kama metali hafifu. Ukiwa mdogo sana kuliko 1, hutenda kama kihami chenye dosari ndogo. Kwa maji ya bahari, uwiano huwa 1 katika frikwensi ya takriban megahezi 900. Katika kilohezi 20 uwiano ni takriban 45,000. Kwa hiyo, kwa mawimbi yanayotumiwa na nyambizi, bahari inaweza kuhesabiwa kuwa kipitishi bila kosa la maana.

3.0 Kwa Nini Upungufu Ni wa Kipeo

Pierre Bouguer, mwanasayansi wa Kifaransa, alionesha katika kazi yake ya mwaka 1729 kuhusu mwanga kwamba tabaka zinazolingana unene huondoa sehemu inayolingana ya mwanga unaozifikia, na si kiasi kinacholingana. Tofauti kati ya sehemu na kiasi ndiyo kiini cha suala lote. Kama kila mita ya maji ingeondoa kiasi kilekile, wimbi lingefika mahali likaisha kabisa. Kwa kuwa kila mita huondoa sehemu ileile ya kile kilichoifikia, daima kuna kinachobaki.

Sababu ya jambo hili katika maji ya bahari iko wazi. Mkondo wa ayoni hulingana na uga wa umeme mahali ulipo. Uga ukipungua nusu, mkondo nao hupungua nusu, na upunguaji wa uga katika tabaka linalofuata hupungua kwa nusu vilevile. Maji hayana kumbukumbu ya ukubwa wa awali wa wimbi. Hujibu kile tu kinachoyafikia. Ikiwa A ni amplitudo ya wimbi, yaani kimo chake, na z ni kina kutoka usoni, basi kiwango cha kupungua kwa A kwa kila mita hulingana na A yenyewe:

dA/dz = −αA

Mlinganyo huu una jibu moja:

A(z) = A₀ e^(−αz)

Hapa A₀ ni amplitudo mara tu chini ya uso wa maji, e ni namba asilia ya takriban 2.718, na α ni kigezo cha ufifiaji. Kwa kuwa z imo ndani ya kipeo, upungufu huu huitwa upungufu wa kipeo. Maana yake kwa vitendo ni kwamba umbali ukijumlishwa, ufifiaji huzidishwa. Kwa mfano, maji ya bahari yanayopitisha wimbi la kilohezi 20 huacha takriban asilimia 57 ya amplitudo baada ya mita moja. Baada ya mita mbili hubaki asilimia 57 ya asilimia 57, yaani takriban 32, na baada ya mita nne hubaki takriban asilimia 11.

Sharti la mlinganyo huu lisisahaulike. Unachukulia kwamba maji yana sifa moja kila mahali, kwamba hakuna wimbi linalorudi kutoka chini, na kwamba wimbi halitawanyiki kwa namna ya kuongeza upungufu mwingine. Sharti la mwisho hutimizwa vizuri na bahari. Kasi ya wimbi ndani ya maji ni ndogo mno ikilinganishwa na kasi yake hewani, hivyo wimbi linaloingia hupindwa hadi likaelekea chini karibu wima kabisa, hata kama hewani lilikuwa likisafiri sambamba na uso wa bahari. Kwa kilohezi 20, pembe inayosalia kutoka wima haifiki hata sehemu moja ya kumi ya digrii. Ndiyo maana hesabu ya kipimo kimoja, yaani kina peke yake, inatosha.

4.0 Kina cha Mpenyo na Fasili Zake Mbili

Kigezo α hupimwa kwa kinyume cha mita, kipimo ambacho si rahisi kukiwazia. Kinyume chake, 1/α, ni umbali, na ndicho chanzo cha dhana ya kina cha mpenyo. Kwa maada iliyo kipitishi kizuri, umbali huo huwakilishwa na δ na hupatikana kwa kanuni ifuatayo, ambapo f ni frikwensi na μ ni upenyezi wa sumaku, ambao kwa maji ni sawa na wa ombwe:

δ = 1/α = 1/√(π f μ σ)

Zikiwekwa thamani zisizobadilika, kanuni hiyo huwa δ ≈ 503/√(σf), δ ikiwa katika mita, σ katika simensi kwa mita na f katika hezi. Wimbi likishuka umbali wa δ, amplitudo yake hupungua hadi 1/e, yaani takriban asilimia 37 ya ilivyokuwa. Likishuka δ mbili hubaki takriban asilimia 13.5, na likishuka δ tatu hubaki takriban asilimia 5. Umbali huu huitwa pia kina cha ngozi, kwa sababu katika metali mkondo wa frikwensi ya juu hujikusanya katika tabaka jembamba la nje, mithili ya ngozi.

Tatizo hujitokeza pale mtafiti anapopima nguvu badala ya amplitudo. Nguvu ya wimbi, yaani nishati inayopita kwa kila sekunde, hulingana na amplitudo ikizidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo nguvu hupungua kwa kufuata e^(−2αz), na umbali ambao nguvu hufikia asilimia 37 ni 1/(2α), nusu ya kina cha ngozi. Watafiti wa upashaji joto wa vyakula kwa mawimbi ya mikro hutumia istilahi ya kina cha mpenyo kwa maana hiyo ya pili, kwa kuwa wanachoshughulikia ni nishati. Wanaoshughulikia antena na metali hutumia zaidi maana ya kwanza. Kila fasili ni sahihi katika uwanja wake, lakini namba iliyochukuliwa kutoka uwanja mmoja na kuingizwa katika kanuni ya mwingine huleta kosa la mara mbili katika kipeo. Kosa hilo si dogo: wimbi linalodhaniwa kubaki na sehemu 1 kwa 100 huwa kwa kweli lina sehemu 1 kwa 10, au kinyume chake, 1 kwa 10,000.

Njia ya kujikinga ni kuuliza swali moja kila namba ya kina cha mpenyo inapokutwa: katika kina hicho, ni kitu gani kilichobaki asilimia 37? Kama ni uga, fasili ni ya kwanza. Kama ni nguvu, fasili ni ya pili, na uga uliobaki hapo ni takriban asilimia 61. Kipimo cha desibeli hakina utata huo, kwa sababu kimeundwa ili kitoe jibu moja kwa amplitudo na kwa nguvu. Kila δ ya kina cha ngozi hupunguza wimbi kwa desibeli 8.7. Katika sehemu zinazofuata, kina cha mpenyo kinatumiwa kwa maana ya kwanza.

5.0 Mfano wa Kukokotoa: Kilohezi 20 katika Bahari

5.1 Kina cha mpenyo na urefu wa wimbi

Kwa f = 20,000 Hz na σ = 4 S/m, zao la σf ni 80,000, ambalo kipeuo chake cha pili ni takriban 283. Hivyo δ ni 503 ikigawanywa kwa 283, yaani mita 1.78. Kigezo α ni 0.56 kwa mita, sawa na ufifiaji wa desibeli 4.9 kwa kila mita. Katika kina cha mita 10, amplitudo iliyobaki ni takriban sehemu 3.6 kwa 1,000.

Katika kipitishi kizuri, urefu wa wimbi ni 2πδ. Kwa mfano huu ni takriban mita 11, ilhali wimbi hilohilo hewani lina urefu wa kilomita 15. Kutokana na uhusiano huo, wimbi linapomaliza urefu wake mmoja ndani ya maji huwa limeshuka δ zaidi ya sita, na amplitudo yake ni chini ya sehemu 2 kwa 1,000 ya ilivyoanza. Kwa maneno mengine, mchoro wa mawimbi mengi yanayofuatana na kupungua taratibu, unaopatikana katika vitabu vingi, hauwakilishi hali ya bahari. Ndani ya bahari wimbi huwa limekwisha kudhoofika sana kabla halijakamilisha hata mzunguko mmoja wa umbali.

5.2 Upotevu wa usoni

Ufifiaji wa ndani ya maji hutanguliwa na upotevu mwingine unaotokea mara moja tu, usoni. Ukinzani wa wimbi hewani ni takriban omu 377, lakini ndani ya bahari, kwa kilohezi 20, ni takriban omu 0.2. Tofauti hiyo husababisha sehemu kubwa ya nishati ibaki hewani. Kwa wimbi linalosafiri sambamba na uso wa bahari, uga wa umeme unaopatikana mara tu chini ya uso ni takriban sehemu 1 kwa 1,900 ya uga uliopo juu yake. Ikiwa uga hewani ni milivolti 1 kwa mita, chini ya uso hupatikana takriban maikrovolti 0.53 kwa mita.

Uga wa sumaku haukumbwi na upotevu huo, kwani huvuka uso bila kupungua. Hii ni sababu mojawapo inayofanya antena za kitanzi, zinazoitikia uga wa sumaku, zifae kwa matumizi ya chini ya maji. Jambo muhimu kwa hesabu ni kwamba upotevu wa usoni hubadilisha A₀ peke yake. Haubadilishi δ, na hauongezeki kadiri nyambizi inavyozama. Mtafiti anayechanganya upotevu huo na ufifiaji wa ndani atapata kigezo cha ufifiaji kilicho kikubwa kupita kiasi, hasa akiwa amepima katika kina kidogo.

5.3 Kina cha ufikaji

Sasa inawezekana kuuliza wimbi linafika wapi. Ikiwa amplitudo ndogo kabisa inayotambulika ni A_min, kina cha ufikaji ni:

z_max = δ ln(A₀/A_min)

Tuseme uga wa mara tu chini ya uso ni mara 1,000 ya ule mdogo kabisa unaotambuliwa na kipokezi. Logi asilia ya 1,000 ni 6.9, hivyo kina cha ufikaji ni mita 12.3. Hiyo ni karibu mara saba ya kina cha mpenyo. Anayedhani kwamba wimbi hukoma katika δ angehitimisha kuwa nyambizi haina budi kupanda hadi chini ya mita mbili kutoka usoni, na kosa la namna hiyo lingeweza kuifichua bila sababu.

Kanuni hii inaonesha pia kwa nini kuongeza nguvu ya mtambo hakusaidii sana. Nguvu ikiongezwa mara mbili, amplitudo huongezeka mara 1.41, na logi yake ni 0.35. Faida yake ni 0.35 ya δ, yaani sentimita 62. Nguvu ikiongezwa mara kumi, faida ni mita 2 tu na ushei. Ongezeko lolote la nguvu hujumlisha mita chache, halizidishi kina. Kinachozidisha kina ni δ yenyewe, na njia pekee ya kuibadilisha δ bila kubadilisha bahari ni kubadilisha frikwensi.

Ni lazima pia ieleweke A_min inatokana na nini. Radi zinazopiga duniani kote hutoa kelele nyingi za redio katika frikwensi hizi. Kelele hizo huingia majini na kufifia kwa kanuni ileile inayoufifisha ujumbe. Kwa hiyo, katika tabaka za juu, uwiano kati ya ujumbe na kelele za radi haubadiliki nyambizi inapozama. Vyote hupungua kwa pamoja. Uwiano huanza kuharibika pale kelele za kutoka nje zinapopungua hadi kuwa chini ya kelele za kipokezi chenyewe. Kutoka hapo kwenda chini, kila δ moja hupunguza ubora wa mapokezi kwa desibeli 8.7. Kina cha ufikaji huamuliwa, basi, na bahari pamoja na kipokezi, wala si na bahari peke yake.

6.0 Athari ya Frikwensi na ya Upitishaji

Kwa kuwa δ hufuata kinyume cha kipeuo cha pili cha frikwensi, kuipunguza frikwensi mara nne huongeza δ mara mbili. Kilohezi 5 zingetoa δ ya mita 3.56. Hata hivyo, kina cha ufikaji hakiongezeki mara mbili kamili. Ukinzani wa wimbi ndani ya bahari hupungua kwa nusu frikwensi inapopunguzwa mara nne, na uga wa umeme unaovuka uso hupungua kwa nusu vilevile. Uwiano wa 1,000 huwa 500, na kina cha ufikaji huwa mita 22.1 badala ya 24.6. Faida bado ni kubwa mno kuliko ile ya kuongeza nguvu mara kumi.

Marekani iliifuata hoja hii hadi mwisho wake. Hadi mwaka 2004, mtambo wenye vituo katika majimbo ya Wisconsin na Michigan ulirusha mawimbi ya hezi 76. Kwa frikwensi hiyo, δ katika bahari ni takriban mita 29, na katika kina cha mita 100 amplitudo iliyobaki ni asilimia 3 ya ile ya usoni. Gharama yake ilikuwa ya aina nyingine. Urefu wa wimbi hewani kwa hezi 76 unakaribia kilomita 4,000, hivyo nyaya za antena zilinyooshwa kwa makumi ya kilomita na bado zilirusha sehemu ndogo sana ya nguvu iliyotumika. Aidha, frikwensi ndogo namna hiyo hubeba habari polepole mno, kiasi kwamba herufi chache huchukua dakika nyingi. Mtambo huo haukufaa kwa ripoti, bali kwa ishara fupi ya kuitaka nyambizi ipande kupokea ujumbe kamili kwa njia nyingine.

Ulinganisho na maji baridi unaweka wazi mipaka ya kanuni ya kipitishi kizuri. Katika kilohezi 20, maji yenye upitishaji wa 0.01 S/m yana δ ya takriban mita 36, mara 20 ya ile ya bahari, kwa sababu 20 ni kipeuo cha pili cha 400. Lakini kina cha wastani cha Ziwa Viktoria ni takriban mita 40. Wimbi hilo hufika sakafuni likiwa na thuluthi moja ya amplitudo yake, na sehemu yake hurudi juu na kuchanganyika na linaloshuka. Sharti la kutokuwapo kwa wimbi linalorudi huvunjika, na grafu ya upungufu haiwezi tena kuwa ya kipeo kimoja.

Frikwensi ikipandishwa, mpaka wa pili hujitokeza. Katika maji hayo, uwiano σ/(ωε) huwa 1 katika takriban megahezi 2.2. Juu sana ya hapo kanuni ya 503/√(σf) haifai. Kigezo cha ufifiaji hukoma kutegemea frikwensi, na δ hutulia katika takriban mita 4.7 kwa kiasi cha makumi ya megahezi. Anayeendelea kutumia kanuni ya kipitishi katika megahezi 50 atapata mita 0.7, yaani atakosea karibu mara saba. Frikwensi ikipanda zaidi hadi kuelekea gigahezi, molekuli za maji zenyewe hushindwa kugeuka sambamba na uga, upotevu mpya huanza, na δ hupungua tena.

7.0 Kupima Ufifiaji na Kutambua Makosa

Njia ya kawaida ya kupima α ni kushusha kipokezi kwa hatua zinazolingana, kurekodi amplitudo, na kuchora logi asilia ya A dhidi ya z. Upungufu ukiwa wa kipeo, alama hupangika katika mstari mnyoofu ambao mwinamo wake ni −α. Ubora wa njia hii ni kwamba upotevu wa usoni na ukuzaji wa kipokezi husogeza mstari wote juu au chini bila kuugeuza. Hakuna haja ya kujua A₀.

Udhaifu wake uko chini, pale ambapo ujumbe unakaribia kelele. Mfano wa kukokotoa unatosha kuonesha ukubwa wa kosa. Tuseme amplitudo ya usoni ni 100, δ halisi ni mita 1.78, na kelele za kipokezi ni 1, zikijumlishwa na ujumbe kwa kanuni ya jumla ya miraba. Kipokezi kitasoma 10.6 katika mita 4, 3.6 katika mita 6, 1.5 katika mita 8 na 1.06 katika mita 10. Mtafiti akitumia usomaji wa mita 0 na 4 atapata δ ya mita 1.78, ambayo ni sahihi. Akitumia mita 4 na 8 atapata 2.04. Akitumia mita 6 na 10 atapata 3.3, karibu mara mbili ya ukweli. Kelele hazikumwonesha bahari yenye giza zaidi, bali zilimwonesha bahari iliyo angavu kuliko ilivyo.

Dalili ya kosa hili ni mstari unaopinda na kulala kadiri kina kinavyoongezeka. Hata hivyo, si kila mpindo ni kelele. Maji ya chini yakiwa baridi zaidi, upitishaji wake hupungua, δ huongezeka, na mstari hupunguza mwinamo kwa sababu halali. Mawimbi yanayorudi kutoka sakafuni nayo huupinda mstari. Njia ya kuzitenganisha sababu hizi ni kuuzima mtambo na kurudia usomaji katika kina kilekile. Kama usomaji haubadiliki, kilichopimwa ni kelele. Kama unabadilika, mpindo ni wa maji au wa sakafu, na upitishaji unapaswa kupimwa tabaka kwa tabaka kwa kifaa cha kupimia chumvi na joto. Namba ya frikwensi nayo ni shahidi mzuri: kipimo kikirudiwa kwa frikwensi iliyopunguzwa mara nne na δ ikakosa kukaribia maradufu, mojawapo ya masharti ya kanuni limevunjika.

8.0 Hitimisho

Imebainishwa kwamba upungufu wa kipeo unatokana na jambo moja la kimaumbile, nalo ni kwamba maada yenye upotevu huondoa sehemu isiyobadilika ya wimbi linaloifikia. Kutokana na hilo kina cha mpenyo hupata maana yake: ni rula inayotumika kupimia ufifiaji, na idadi ya rula zinazoweza kupangwa kabla wimbi halijazama katika kelele huamuliwa na mtambo, uso wa maji na kipokezi kwa pamoja. Katika mfano wa kilohezi 20, rula ilikuwa mita 1.78 na ufikaji ulikuwa mita 12.3.

Kwa hiyo, thamani ya kina cha mpenyo inayotajwa bila fasili yake, bila frikwensi na bila upitishaji wa maji yaliyopimwa haiwezi kuhakikiwa wala kulinganishwa na nyingine. Vilevile, kipimo cha ufifiaji kisichoambatana na kiwango cha kelele za kipokezi kinaacha wazi swali iwapo alama za chini kabisa za grafu ni za bahari au ni za kifaa chenyewe.